Rafu nzito kwenye ukuta wa bloku zenye mashimo: roplagi ipi, skurubu ipi

Rafu ya kwanza niliyopachika Kisumu ilianguka saa nane usiku, wiki ya tatu baada ya kuipachika. Hakuna aliyeigusa. Asubuhi nilipookota vitu sakafuni nikakuta roplagi zote mbili za juu zikiwa nzima, skurubu zikiwa bado ndani yake, hazijapinda wala kukatika. Zilikuwa zimechomoka tu. Zilikuwa na vumbi la rangi ya kahawia, rangi ya mchanga wa plasta, kutoka kichwani hadi karibu na ncha. Vumbi jeusijeusi la bloku lilikuwa kwenye ncha tu, kama upana wa ukucha.

Hiyo rangi ndiyo iliyonifundisha. Roplagi zangu zilikuwa zimeshika plasta. Bloku yenyewe zilikuwa zimeigusa kidogo tu.

Tangu siku hiyo nimepachika rafu nyingi, zangu na za watu, na mwongozo huu unahusu aina moja tu ya ukuta: bloku za zege zilizotengenezwa kwa mashini zikiwa na mashimo makubwa katikati. Kama uko Nakuru na nyumba yako imejengwa kwa mawe ya kuchongwa ya machimbo, ukuta wako ni mzito hadi ndani, na roplagi ya kawaida itakutosha ukitoboa vizuri. Matofali ya kuchoma ya huku magharibi nayo ni habari nyingine. Hapa tunazungumzia ukuta ambao biti ikishapita sentimita chache inaangukia hewani.

Kwanza ujue ukuta wako una nini ndani

Watu hugonga ukuta kwa kidole na kusikiliza. Mimi siamini sana njia hiyo, kwa sababu plasta iliyoachana na ukuta hulia vilevile kama debe tupu hata nyuma yake kukiwa na jiwe zima. Tundu moja la majaribio linaeleza zaidi. Chagua mahali ambapo breketi itakuja kupafunika, hakikisha si juu wala chini ya soketi au swichi moja kwa moja kwa kuwa nyaya hupita hapo, wala si mstari wa bomba la sinki, kisha toboa kwa biti ndogo ya ukuta, ya milimita 5 au 6. Zima kipigo cha nyundo kwenye drili. Iache izunguke tu.

Biti itapita plasta kwa urahisi na kutoa vumbi la mchanga. Halafu itakuwa ngumu, vumbi ligeuke jeusi zaidi, kwa sababu bloku nyingi hufinyangwa kwa vumbi la kokoto. Hapo ndipo umefika kwenye ganda la bloku. Endelea polepole, kisha ghafla drili itasukumwa mbele yenyewe. Umeingia kwenye uvungu.

Sasa chukua waya mwembamba, hata wa hanga ya nguo, ukunje ncha yake kama ndoano fupi ya milimita 4 hivi. Uingize, uuvute nyuma mpaka ndoano inase mgongo wa ganda, kisha weka alama kwenye waya pale unapotokea usoni mwa ukuta. Ukiutoa na kupima kutoka ndoano hadi alama, unapata unene wa plasta na ganda kwa pamoja. Unene wa plasta peke yake unaupata kwa kukumbuka pale vumbi lilipobadilika rangi, au kwa kuchungulia pembeni mwa kisanduku cha soketi umeme ukiwa umezimwa.

Kwa nyumba nilizopima mimi, plasta huwa milimita 15 hadi 25, na ganda milimita 25 hadi 40. Bloku ya inchi sita ina unene wa sentimita 15, kwa hiyo ukitoa maganda mawili ya sentimita 3 unabaki na uvungu wa sentimita 9. Namba hizo mbili za kwanza, plasta na ganda, ziandike ukutani kwa penseli. Roplagi inachaguliwa kwa hizo. Rangi ya roplagi si kitu cha kukuongoza kwanza, hata kama muuza hadiwea atakuuliza, "Nikupe nyekundu, kahawia au buluu?"

Wakati mwingine biti haidondoki popote, inaendelea kuwa ngumu hadi sentimita 7 au 8. Umebahatika kugonga ukuta wa kati, ule unaounganisha ganda la mbele na la nyuma. Hapo pana nyama ya kutosha na roplagi ndefu ya kawaida itashika vizuri sana. Lakini usitegemee kwamba tundu la pili na la tatu nayo yatagonga hapo. Chini ya plasta huoni viungo vya bloku, na kubahatisha kunaishia kuwa na ukuta kama chujio.

Kwa nini roplagi ya kawaida inashindwa hapa

Neno roplagi tumelirithi kutoka kwa mkandarasi wa London, John Joseph Rawlings, ambaye katika miaka ya 1910 alitengeneza kichomeko cha nyuzi zilizogandishwa ili kufunga vifaa ukutani bila kubomoa ukuta. Wazo lake halijabadilika: skurubu inaingia, kichomeko kinatanuka, kinasukuma pande zote za tundu, na msuguano ndio unaokizuia kutoka. Lilikuwa wazo la ukuta mzito. Linahitaji kitu cha kusukuma.

Tazama basi kinachotokea kwenye ukuta wangu wa kwanza. Plasta ilikuwa milimita 20, roplagi milimita 30, nami nikaipigilia mpaka ikawa sawa na uso wa ukuta. Milimita 20 za roplagi zikawa ndani ya plasta, ambayo ni mchanga na simenti kidogo, na milimita 10 tu ndani ya ganda. Plasta inasukumwa, inasagika taratibu, na kila kilo iliyo juu ya rafu inaivuta usiku na mchana. Plastiki yenyewe nayo huregea kidogo kidogo chini ya mzigo usiopumzika. Ndiyo maana rafu za namna hii hazianguki siku ya kwanza ukiwa unazitazama. Zinasubiri wiki tatu.

Ungetumia roplagi ya kawaida iliyo ndefu, ungepata kosa la upande wa pili: sehemu inayotanuka, ambayo ni ile ya mbele, ingekuwa imetokeza kwenye uvungu, ikitanukia hewa.

Roplagi inayofaa ni ile ambayo mshiko wake unakuja nyuma ya ganda. Ziko njia tatu za kuupata huo mshiko, na zote nimezitumia.

Ya kwanza ni roplagi ya nailoni inayojifunga fundo. Ukiitazama ina mipasuo mirefu ubavuni lakini ncha yake imeungana, haijagawanyika kama mdomo wa samaki. Skurubu ikifika kwenye ncha inaivuta nyuma, na mwili wa roplagi unajikunja kuwa fundo nene nyuma ya ganda. Fundo haliwezi kupita tundu. Hii ndiyo ninayoanza nayo kwa kazi nyingi za nyumbani. Sharti moja: iwe ndefu kuliko plasta na ganda kwa angalau milimita 10, la sivyo fundo halina mahali pa kujifunga. Iwe pia nailoni ngumu. Zile laini zinazobonyea kwa ukucha, mara nyingi zinauzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye ndoo, ziache kwa kutundika kalenda.

Ya pili ni bolti ya mabawa, ile yenye mabawa mawili ya chuma yenye springi. Unayakunja, unayapitisha, yanafunguka ndani ya uvungu na kukumbatia mgongo wa ganda. Kwa kuvutwa nje inashinda karibu kila kitu. Lakini watu wengi hawaoni udhaifu wake kwenye rafu. Ili mabawa ya bolti ya milimita 6 yapite unahitaji tundu la milimita 14 au zaidi, kwa hiyo bolti inaelea ndani ya tundu pana, na uzito wa rafu unaivuta ishuke. Rafu inakaa sawa leo, kesho imeinama. Kwa hiyo nikiitumia, naiweka kwenye tundu la juu la breketi tu, kule kunakovutwa nje, halafu matundu ya chini nayatilia roplagi za kujifunga zibebe uzito wa kwenda chini. Na washa pana lazima, kwa sababu bila hiyo kichwa cha bolti kinazama kwenye tundu. Ukumbuke pia kwamba ukiitoa bolti mabawa yanadondoka ndani ya ukuta na hayarudi.

Ya tatu ni gundi ya resini na soksi ya wavu. Soksi inaingizwa kwenye tundu, inajazwa resini kutoka ndani kuja nje, kisha chuma cha nyuzi kinasukumwa kwa kukizungusha. Resini inatokeza kwenye matundu ya wavu na kuganda kama uyoga nyuma ya ganda. Inashika bila kusukuma bloku, kwa hiyo haipasui. Kwa tangi dogo la maji au kabati la vyombo vya udongo ningeenda huko moja kwa moja. Kwa rafu ya kawaida ni gharama ya ziada. Kwenye joto la Kisumu inaganda haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo matundu yote yawe tayari na safi kabla hujafungua mkebe, na ile resini ya kwanza inayotoka kabla rangi haijawa moja uitupe, haijachanganyika.

Kuna na njia ya kienyeji ambayo siidharau hata kidogo, nitaifikia tundu litakapoharibika.

Mzigo unavuta kiasi gani

Mwaka jana dada yangu, anayekaa Mamboleo, alitaka rafu ya stoo ya jikoni. Urefu sentimita 120, kina sentimita 30, breketi tatu. Nilimuuliza ataweka nini. "Unga tu na mafuta." Unga tu! Beli moja ya unga ni pakiti 12 za kilo mbili mbili, yaani kilo 24, naye hununua beli mbili kwa mara moja. Hizo ni 48. Mtungi wa mafuta wa lita 10 ni kama kilo 9, sufuria na vikorokoro kilo 5, ubao wenyewe kilo 4. Jumla kilo 66.

Mzigo ungesambaa sawasawa, breketi ya kati ingebeba kama asilimia 40, kilo 26 hivi, na za pembeni zingegawana iliyobaki. Lakini hakuna mtu anayesambaza beli za unga sawasawa. Ataziweka katikati zote mbili. Nikaamua breketi ya kati ihesabiwe kwa kilo 40.

Sasa hesabu inayofaa kujua ni hii. Rafu haishuki tu, inajaribu kuangukia mbele. Breketi inaegemea kisigino chake cha chini, na skurubu ya juu ndiyo inayovutwa nje. Mvuto huo unapatikana hivi: uzito, mara umbali wa katikati ya mzigo kutoka ukutani, gawanya kwa urefu kutoka kisigino hadi skurubu ya juu.

Mzigo wetu uko sentimita 15 kutoka ukutani. Kwa hiyo 40 mara 15 ni 600. Dada alikuwa amenunua breketi ndogo ambazo mguu wake wa ukutani una skurubu ya juu sentimita 12.5 kutoka kisiginoni. 600 kwa 12.5 ni kilo 48 za kuvuta skurubu moja nje. Nikamwambia tuzirudishe dukani, tuchukue zile kubwa zenye mguu mmoja wa sentimita 30 na mwingine 25, na mguu mrefu ukae ukutani. Skurubu ya juu ikawa sentimita 27 kutoka kisiginoni. 600 kwa 27 ni kilo 22. Ukuta uleule, unga uleule, mvuto umepungua kupita nusu kwa kubadilisha chuma tu.

Hili la mguu mrefu nalisisitiza kwa sababu naona mafundi wakifanya kinyume kila siku: mguu mrefu chini ya ubao, mfupi ukutani, eti ubao ushikwe vizuri. Ubao hauna shida. Ukuta ndio wenye shida.

Roplagi usiipe kazi inayolingana na nguvu yake yote. Kwa bloku zenye mashimo mimi huzidisha mara nne, kwa kuwa bloku za kwetu hazifanani, moja ngumu na jirani yake inamomonyoka. Mara nne ya 22 ni kama 90. Nikasoma pakiti ya roplagi za kujifunga za milimita 10: unatafuta picha ya bloku yenye mashimo, siyo ya jiwe zima, na namba iliyo chini ya picha hiyo. Uangalie pia inachosema. Ikitaja mzigo salama, wameshapunguza wao, nawe linganisha na 22. Ikitaja mzigo wa kuvunjika, linganisha na 90. Pakiti isiyokuwa na picha ya ukuta wa mashimo uiache ilipo.

Urefu na unene wa skurubu

Ukuta wa dada ulikuwa na plasta milimita 20 na ganda 30. Jumla 50. Roplagi ya kujifunga ya milimita 10 kwa 60 ikapita ganda na kubakiza milimita 10 kwenye uvungu, kiasi kinachotosha fundo. Ingekuwa plasta 25 na ganda 35, hiyo ya 60 ingeishia ndani ya ganda, nami ningetafuta ya 80.

Skurubu nayo lazima ipite roplagi nzima na kutokeza kidogo, la sivyo ncha haivutwi na fundo halifungwi. Jumlisha unene wa breketi, urefu wa roplagi, na unene wa skurubu yenyewe mara moja. Kwetu ilikuwa 3, jumlisha 60, jumlisha 6. Jumla 69, kwa hiyo skurubu ya milimita 70. Ukitaka kukumbuka kosa moja tu kati ya makosa yote ya skurubu, likumbuke hili la ufupi, maana halionekani. Kichwa kimekaa vizuri, breketi haitikisiki, na nyuma ya ganda hakuna kitu.

Kwa unene, roplagi ya milimita 10 hupokea skurubu ya 6 hadi 8. Nyembamba zaidi haiitanui. Breketi nyingi za hadiwea zina matundu ya milimita 5 tu, na hapo ndipo mtu hushawishika kutumia skurubu nyembamba ili ipite. Panua tundu la breketi kwa biti ya chuma badala yake, ni kazi ya dakika mbili. Nilipanua yetu hadi 6.5.

Skurubu nyeusi za bodi za jipsamu usizitumie. Ni ngumu lakini hazina unyumbufu, vichwa vyake hukatika bila kupinda kwanza. Chukua zilizopakwa zinki, hasa jikoni kwenye mvuke na kwenye unyevu wa ziwa, na nyuzi ziwe zimefika karibu na kichwa.

Kutoboa na kukaza

Weka alama ya breketi ya kwanza, kisha tumia pima maji na ubao mrefu kupata za nyingine. Breketi za pembeni ziwe sentimita 15 kutoka mwisho wa ubao. Nilianza na biti ya 6 kisha nikapanua kwa 10, drili ikizunguka tu bila kipigo. Kipigo cha nyundo kwenye ganda la milimita 30 hufanya kitu usichokiona: mbele tundu ni zuri la duara, lakini nyuma, pale biti inapotokea, kipande cha zege kinameguka kama sahani. Ganda lililokuwa 30 limebaki 15, na fundo la roplagi linakalia sehemu iliyomeguka. Ikiwa bloku ni ngumu mno na unalazimika kutumia kipigo, kitumie mwanzoni, kisha kizime kabla ya milimita 10 za mwisho. Funga utepe kwenye biti ili ujue umefika wapi.

Tundu lisiwe pana kuliko roplagi. Biti iliyochakaa au mkono unaotetemeka hulifanya 11 badala ya 10. Pulizia vumbi nje kwa pampu ya baiskeli, ukiwa umefunga macho au umevaa miwani. Roplagi iingie kwa kugongwa taratibu na mpini wa nyundo. Ikiingia kwa kidole bila upinzani wowote, tundu ni pana. Ikijikunja kabla haijazama, bado kuna vumbi.

Kaza kwa bisibisi ya mkono mwishoni, hata kama ulianza na mashini. Unachotafuta ni hisia: skurubu inakwenda kwa ugumu wa wastani, halafu ugumu unaongezeka ghafla na unahisi breketi inavutwa ukutani. Hapo fundo limefungwa. Ongeza nusu mzunguko, uache. Ikiwa skurubu inazunguka tu bila kuongezeka ugumu, roplagi inazunguka nayo, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoiokoa.

Hilo ndilo lililotupata kwenye breketi ya kati, ile ile ya kubeba zaidi. Biti ilikuwa imepita kwenye kiungo cha saruji kati ya bloku mbili, laini kama biskuti, na tundu likapanuka. Mume wa dada akaja na kipande cha mti na kisu. "Shemeji, si tuchonge kigingi tupigilie?" Najua vigingi vimeshikilia picha za harusi miaka mingi, lakini mti hunywa unyevu wakati wa mvua, ukavimba, halafu Januari unakauka na kusinyaa. Chini ya mzigo wa beli mbili za unga utalegea.

Tukatumia ile njia ya kienyeji. Tulipanua tundu kwa tindo na nyundo nyepesi mpaka likawa na upana wa sentimita 6, tukasukuma donge la gazeti lililoloweshwa maji ndani ya uvungu ili liwe sakafu, chini kidogo ya tundu. Tukalowesha kingo, tukashindilia mota ya simenti moja kwa mchanga tatu, kavukavu, kwa kijiti, mpaka uvungu wa mahali hapo ukajaa na uso ukalingana na plasta. Tukailowesha maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Baada ya hapo pale hapakuwa tena na uvungu, palikuwa na jiwe. Biti ya 10 ikaingia sentimita 8 bila kudondoka, na roplagi ileile ikashika kwa kutanuka.

Kuijaribu kabla ya kuiamini

Kabla ya ubao kufungwa, nilifunga kamba kwenye mkono wa breketi ya kati, sentimita 20 kutoka ukutani badala ya 15, ili jaribio liwe kali kuliko kazi. Nikaning'iniza jerikeni mbili za lita 20 zilizojaa maji, kilo 40, zikiwa juu ya sakafu kwa upana wa vidole vitatu tu, ili zikianguka zisianguke mbali. Nikachora mstari wa penseli kuzunguka kichwa cha breketi. Dada akaona maajabu, akauliza maji yanakaa hapo hadi lini. Nikamwambia hadi kesho saa hizi.

Kesho yake unaangalia vitu viwili. Mstari wa penseli: ukionekana umeachwa juu ya breketi, imeshuka. Na kipande cha karatasi: kijaribu kupita kati ya ukuta na sehemu ya juu ya breketi. Kikipita mahali ambapo jana hakikupita, roplagi imeanza kutoka, hata kama ni kwa unene wa karatasi tu, na itaendelea. Unaifungua, unatazama vumbi lililoishika ni la rangi gani, na unarudi kwenye waya wa hanga.

Karatasi haikupita kwenye breketi ya kati. Ilipita kwenye ya kushoto, ambayo sikuwa nimeijaribu kwa jerikeni bali kwa kuivuta kwa mkono tu na kujiridhisha. Nilipoichomoa skurubu ya juu nikakuta nimeweka ya milimita 50, iliyochanganyika kwenye mfuko. Nikaweka ya 70, nikakaza mpaka nikaihisi ikivuta, tukaning'iniza jerikeni upya.